Waliniomba Ulezi, Nikawapelekea Debe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mimi niliyechelewa kumsifu.

Mnanifahamu. Mimi ni Mathayo Ndahani wa Haneti, yule mzee anayechechemea mguu wa kulia na kukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nimeandika kwa sababu mara ya mwisho nilipewa dakika tano nishuhudie, nikatumia nusu saa, na nilikuwa bado sijafika hata kwenye barua yenyewe. Mchungaji akasema, "Mzee Mathayo, nenda ukaandike, karatasi haina njaa." Shule niliishia darasa la tatu. Mkiona herufi imelala, mwinueni.

Ndugu zangu, nimechoka. Nasema mapema ili mtu asitegemee ushuhuda wa kurukaruka. Kuna watu Bwana anawaponya wakitembea, jioni wanakimbia. Mimi amenivuta polepole, kama ng'ombe aliyezama kwenye tope, anayevutwa na huku anapiga mateke wanaomvuta.

Zamani nilicheza mpira. Vijana mnacheka, lakini nilikuwa beki wa kulia katika klabu ya mjini Dodoma, na mawinga walikuwa wakihama upande wangu. Siitaji klabu jina, haina haja. Nilicheza misimu michache, goti likavunjika, nikarudi Haneti na magongo. Tangu siku hiyo, kwa miaka zaidi ya thelathini, nilikuwa na hadithi moja tu: klabu iliniua. Kwamba nilikuwa nimeumia, wakanilazimisha kucheza, goti likaisha, wakanitupa kama kiatu kilichotoboka. Nilisimulia msibani. Nilisimulia harusini. Nilisimulia zaidi kilabuni, kwenye pombe, maana pale hadithi hiyo ilinipatia kikombe. Mtu akisikia ulivyoonewa hawezi kunywa peke yake mbele yako.

Na nilikunywa, ndugu zangu! Sitasema "kidogo". Nilikunywa mpaka mke wangu, Mama Eliya, akaacha kunigombeza, na mwanamke akiacha kukugombeza ujue ameshakuzika, anangoja tu mwili.

Mwaka wa barua ile mvua zilitukimbia. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti, uwele ndege wakala. Kitu pekee kilichosimama ni ulezi wangu kule mlimani, na hata huo haukujaza sana. Niliuangalia kama mtoto wa pekee. Mama Eliya alitaka uji. Mimi nilitaka kimea, maana pombe ya kimea cha ulezi inajulikana. Tulikuwa bado tunabishana barua ilipofika.

Ililetwa na dereva wa basi la Kondoa, akaiacha dukani, mwenye duka akaniletea. Bahasha ya kaki, muhuri wa bluu wenye picha ya mpira. Mama Eliya akauliza, "Imetoka wapi?"

Nikasema, "Klabu."

"Kilabu gani hiyo inayoandika barua? Mbona ile ya hapa unakwenda bila kuitwa?"

Nikamwambia ni klabu ya mpira, ya mjini. Alijua jeraha lenyewe lilivyo, au alidhani anajua.

Miwani yangu ilikuwa na kioo kimoja. Nikafumba jicho la pili, nikasoma yale maandishi makubwa yaliyopigiwa mstari: YAH: OMBI LA ULEZI KWA WACHEZAJI VIJANA WA KLABU. Chini yake maneno yalikuwa madogo na marefu, ya kiofisi, nikaona hayana maana tena. Ombi lenyewe nimeshaliona. Wanataka ulezi!

Sasa hebu nihukumuni taratibu. Mtu ambaye mwaka mzima ameota ulezi, amelinda ulezi dhidi ya ndege kwa kupiga madebe, amegombana na mkewe juu ya ulezi, akiletewa barua imeandikwa ulezi, atafikiria nini? Nilifikiri wamesikia huko mjini kwamba Mathayo ana ulezi, na watoto wao wa mpira wanahitaji uji. Sikufikiri kabisa kwamba kuna ulezi mwingine, ule wa kulea mtu.

Hasira iliyonishika, ndugu zangu, siwezi kuieleza. Miaka yote hawajaniandikia hata pole, leo wanataka nafaka yangu, tena mwaka wa njaa! Nilikaa siku tatu nikiichochea kama moto. Siku ya nne nikapima debe moja, nikalifunga kwenye kiroba. Mama Eliya akasema, "Unawapelekea?"

"Nawapelekea. Nitaumwaga juu ya meza yao. Nitawaambia, ulezi wenu huu hapa, nirudishieni goti langu."

"Kamwage," akasema. "Lakini kiroba urudi nacho."

Nikapanda basi la asubuhi kwenda mjini. Ofisi ya klabu ni chumba kimoja nyuma ya uwanja, kina meza, kabati la chuma na mipira kwenye wavu. Nikamkuta katibu, binti mmoja anaitwa Rehema, amevaa miwani ya vioo viwili. Akasimama. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Mimi ndiye Ndahani. Ulezi mlioomba ni huu."

Akakitazama kiroba. Akanitazama mimi. "Babu, huu ni mzigo wa nani?"

"Wenu! Si mmeomba ulezi wa vijana? Debe moja. Sina zaidi, hata kama mngekuja na polisi."

Yule binti aliuma mdomo, akashindwa. Alicheka akakaa chini, akacheka mpaka akavua miwani. Nikataka kumwaga kweli, nikawa natafuta kamba ya kiroba niifungue. Akaninyooshea mikono miwili. "Samahani babu, samahani sana. Kosa ni letu. Keti nikusomee."

Akanisomea yote, polepole. Barua hiyo ninayo mpaka leo, na nimeinakili hapa ili mjue ilisema nini.

"Mzee Mathayo Ndahani, Haneti. Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Kikao cha uongozi kimependekeza jina lako uwe mlezi wa wachezaji wetu walio chini ya umri wa miaka kumi na minane, wavulana na wasichana. Mlezi si kocha na hatapanga timu. Kazi yake ni kuwa na vijana kila Jumamosi uwanjani, kuwasikiliza, kuwaeleza kwa ukweli njia aliyopita, pamoja na makosa yake, kufuatilia maendeleo yao ya shule na majeraha yao, na kumjulisha matroni jambo lolote linalohatarisha mtoto. Kazi hii ni ya kujitolea; nauli utarudishiwa. Utaanza kwa miezi mitatu ya majaribio. Ukiridhia, tafadhali jibu kwa maandishi, na uambatishe barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji chako pamoja na wadhamini wawili."

Halafu akafika aya ya mwisho, akapunguza sauti. "Uongozi wa sasa umesikia kwamba zamani klabu hii ilikuchezesha ukiwa na jeraha la goti, ukapoteza mguu wako wa mpira. Hatukuwepo, lakini klabu ni ile ile. Tunakuomba radhi. Ni kwa ajili hiyo tunakuhitaji wewe, ili lililokupata lisimpate mtoto mwingine."

Ndugu zangu! Neno hilo nililisubiri miaka thelathini na zaidi. Nilikuwa nimeshapanga siku likija nitajibu nini. Likaja, na nikatamani asingelisoma.

Kwa sababu haikuwa kweli.

Nitawaambia ilivyokuwa, maana leo siyo siku ya kuficha. Goti nililiumiza mazoezini, siku ya kawaida, hakuna aliyenisukuma. Klabu ilinipeleka hospitali. Daktari akanifunga, akasema wiki sita nisiguse mpira. Kocha mwenyewe alinitafutia magongo. Wiki ya pili akaja mtu kutoka Kongwa: kuna ndondo huko, yale mashindano ya mitaani, zawadi mbuzi, na timu yao haina beki. Wakanihitaji niende kama mamluki, nicheze kwa jina la mtu mwingine. Nilikuwa kijana, nimechoka kukaa, na nilipenda kuitwa. Nikafungua bandeji ya daktari, nikafunga kitambaa ndani ya soksi, nikaenda.

Kipindi cha pili nikasikia goti likilia, tak, kama bua kavu la mtama. Tulishinda. Mbuzi walinipa kweli, na nilimleta Haneti nikiwa nimebebwa mimi na yeye pamoja nyuma ya gari. Tukamla na watu waliokuja kunipa pole. Wakauliza, "Imekuwaje?" Na kwa mdomo wenye mafuta ya mbuzi yule yule nikajibu, "Klabu wamenichezesha nikiwa mgonjwa."

Ndivyo ulivyoanza. Uongo mdogo wa kuficha aibu mbele ya baba yangu. Nikaulea miaka yote, nao ukanilea.

Basi pale ofisini ningeweza kusema. Rehema alikuwa ananitazama kwa huruma, machozi karibu. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Nimewasamehe."

Bwana anihurumie! Niliwasamehe kosa nililolifanya mimi.

Debe lile nikawaachia, vijana wakapikiwa uji, kiroba nikarudi nacho. Mama Eliya aliposikia ameolewa na mlezi wa klabu alinichinjia kuku. Mtendaji wa kijiji akaniandikia utambulisho. Mdhamini wa kwanza akawa mwalimu mstaafu jirani yangu. Wa pili nikamfuata mchungaji, na yeye hakusaini papo hapo. Alisoma kwanza kanuni nilizopewa. Zilikuwa karatasi mbili: mlezi asimpige mtoto wala kumtukana, asikae naye faraghani, mazungumzo yawe mahali pa wazi, matroni awaone, asimpigie simu bila mzazi kujua, asimtume kazi zake, asihubiri dini yake kwa watoto wa dini nyingine, asije amelewa, wala asiwe na mwenendo wa ulevi.

Mchungaji akaweka kidole hapo. "Hapa je, Mzee Mathayo?"

Nikasema, "Nimeacha."

"Lini?"

"Nikishasaini."

Hakucheka. Akaniombea, akasaini, akaniambia amesaini kwa imani na siyo kwa macho. Siku hiyo nilitoka nimejaa moto. Nikakaa siku mbili bila kunywa. Siku ya tatu nikarudi kilabuni. Nasema ilivyo, ndugu zangu. Wengine wameshuhudia hapa kwamba kiu iliondoka waliposema amina. Yangu ilisema amina na mimi, kisha ikanisindikiza nyumbani.

Nikawa mtu wa Jumamosi. Ijumaa sinywi, Jumamosi naoga, napanda basi, naketi kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, jua linanipiga. Vijana wanakuja mmoja mmoja au wawili wawili, matroni yuko hatua chache na daftari lake. Matroni anaitwa Mama Pendo, mama mnene mwenye sauti ya filimbi. Kijana anasema hali yake: huyu mwalimu wa hesabu amemkalia, huyu baba anataka aache mpira achunge, huyu amewekwa benchi na anajiona amekufa. Mimi nasikiliza. Nilidhani kulea ni kusema. Kumbe kazi kubwa ni kufunga mdomo, na mimi mdomo wangu mnaufahamu. Yakiwa ya shule Mama Pendo anakwenda shuleni. Yakiwa ya nyumbani wanakwenda wawili kwa mzazi. Yakiwa ya mwili anapelekwa kwa daktari wa klabu, na bila karatasi ya daktari harudi uwanjani.

Na mwisho wa siku wanakaa wote, wavulana na wasichana, na mlezi anaeleza njia yake. Nikaeleza. Ile ile. Goti, klabu, kutupwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliisimulia nikiwa sijalewa, na ilitoka vizuri kuliko siku zote. Jumapili nikanywa mara mbili ya kawaida.

Sasa nifike kwa Zuhura.

Zuhura ni binti wa Kondoa, anakaa mjini kwa shangazi yake, anasoma kidato cha pili. Ni beki wa kulia. Namba yangu! Ana mguu mgumu na mdomo mgumu zaidi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Babu, kwa mwendo huo kweli ulikuwa unakaba watu au ulikuwa unawasubiri?" Nikampenda hapo hapo. Ni Mwislamu, na sikumhubiria hata siku moja. Kama Bwana alihubiri kwa mtu pale uwanjani, alihubiri kwangu kupitia kwake.

Mwezi wa pili wa majaribio yangu nikaona anashuka ngazi za jukwaa kwa kutanguliza mguu mmoja kila ngazi. Jamani, mwendo ule naujua! Natembea nao. Zamu yake ilipofika akaketi, kanyoosha mguu. Nikauliza, "Goti?"

"Hamna kitu."

"Limevimba. Naliona kutoka hapa."

Akageuka kuangalia Mama Pendo yuko umbali gani, akashusha sauti. "Babu, usimwambie. Jumamosi ijayo kuna ndondo Kongwa, ya wanawake. Wamenihitaji. Nikicheza hiyo tu, halafu napumzika."

Ndugu zangu, Kongwa! Nikamwambia aende kwa daktari wa klabu, ndiyo kazi yake. Akanitazama kwa macho ya mtoto anayemshangaa mtu mzima.

"Kwa daktari wao? Babu, wewe si ndiye uliyetuambia? Hawa ukiumia wanakutumia mpaka uishe, halafu wanakutupa. Mimi nimejifunza kwako. Goti langu nalitunza mwenyewe."

Mtoto yule alikuwa anakwenda kuvunja mguu wake kwa mafundisho yangu. Alikuwa amenisikiliza vizuri kuliko wote.

Kanuni ilikuwa wazi: nimjulishe matroni. Ningeweza kumwambia Mama Pendo goti limevimba, basi, yaishe, na hadithi yangu ibaki nzima. Nilifikiri hivyo, sitawadanganya. Lakini Zuhura angetii kwa mwili tu. Moyoni angesema, ndiyo hao, wamemgeuza hata babu. Na kesho angejificha vizuri zaidi, na wenzake pia. Nikaona jinsi uongo wangu ulivyoketi kwenye nyuso zote zile, watoto ishirini na zaidi, kila mmoja tayari kuumia na asiseme.

Nikamwambia, "Zuhura, nitamwambia Mama Pendo sasa hivi. Na wewe kaa, kuna jambo nitakuambia mbele ya watu wote."

Akasema, "Babu umenisaliti." Akaanza kulia kwa hasira.

Nikamwita Mama Pendo. Nikamwomba awaite vijana wote, na Rehema ofisini, na wazazi wawili watatu waliokuja kuchukua watoto wao. Walipokusanyika nikasimama. Nikashika mgongo wa kile kiti cha plastiki. Nikaomba kimoyomoyo, "Bwana, usiponishika hapa sitasema." Sala nzima ilikuwa hiyo, ndugu zangu, sikuwa na nyingine.

Nikasema. Nikaanzia mazoezini, nikapita hospitali, wiki sita, magongo ya kocha, bandeji, soksi, Kongwa, tak, mbuzi. Nikasema klabu haikunichezesha. Nikasema nilijichezesha. Nikasema nimewadanganya, nimemdanganya baba yangu mpaka kaburini, nimemdanganya mke wangu, na radhi niliyoombwa niliichukua kama mwizi. Nikasema na pombe pia, kwamba nilisaini nimeacha na sijaacha.

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja nyuma akasema, "Sasa tumwamini nani?" Hilo swali bado linanichoma. Baba wa mtoto mmoja akamshika mwanawe mkono, akaondoka.

Rehema akavua miwani. "Kwa hiyo babu, ile radhi tuliyoandika..."

"Ifuteni," nikasema. "Andikeni nyingine, iwe yangu kwenda kwenu."

Mama Pendo akaniambia bila ukali, "Kwa kanuni, mzee, kaa pembeni mpaka kikao kiamue. Na wewe Zuhura, twende kwa daktari." Zuhura akanipita bila kunitazama.

Nikarudi Haneti mchana huo huo. Mama Eliya nilimkuta anapepeta. Nikamwambia yote nimesimama, maana nilijua nikikaa nitapunguza. Akaendelea kupepeta. Halafu akasema, "Mbuzi yule na mimi nilikula. Nilikuwa msichana, nilikuja na mama kukupa pole." Akapepeta tena. "Alikuwa mgumu." Akaniwekea ugali na mlenda. Usiku ule hakusema zaidi, lakini kesho yake aliponiona naelekea njia ya kilabuni alinigombeza. Alinigombeza kwa sauti, majirani wakasikia! Ndugu zangu, nililia njiani. Nilikuwa nimefufuka.

Sikufika kilabuni siku hiyo. Siku nyingine nilifika. Pombe haikuondoka kwangu kwa kishindo. Iliondoka kama mgeni aliyekaa sana, anaaga, anasimama mlangoni, anakumbuka hadithi nyingine, anakaa tena. Lakini hadithi yangu ya kuombea vikombe ilikuwa imekufa. Nikikaa pale wakisema, "Mzee, tuambie walivyokufanya," sina cha kuwaambia ila ukweli, na ukweli haununuliwi kikombe. Mchungaji akawa anakuja jioni tunaomba, mara nyingine mimi nikiwa na harufu. Hakuchoka. Mimi nilichoka, yeye hakuchoka. Mpaka ikafika wiki, wiki ikawa mwezi, na leo naweza kusimama mbele yenu nikisema nimepita mavuno mawili bila kugusa. Si mimi. Mimi najijua.

Kikao cha klabu kilikaa. Wakaniita, nikaenda nikiwa nimejiandaa kufukuzwa na nikiwa tayari kusema asante. Wakanisomea uamuzi. Waliifuta ile aya ya radhi, ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba haikustahili. Wakaanza miezi yangu mitatu upya, tangu mwanzo, kwa sharti kwamba mchungaji aandike kila mwezi kuhusu hali yangu ya ulevi, na wazazi wote wapewe habari yangu bila kufichwa, mzazi asiyetaka mtoto wake akae nami asilazimishwe. Wazazi wawili hawakutaka. Wana haki. Nawasalimu kwa heshima mpaka leo, nao wananijibu kwa mbali.

Zuhura daktari alimpiga picha, akamkuta ameumia nyuzi za ndani ya goti, hazijakatika. Daktari alisema mechi moja tu ingezikata. Akaamriwa kupumzika wiki nyingi kuliko zangu. Alikuwa anakuja Jumamosi na magongo, anakaa upande wa pili wa uwanja, mbali na kiti changu. Sikumfuata. Kanuni haisemi mlezi amfuate mtoto kumwomba ampende. Nilikaa na jua langu. Nilichoka, ndugu zangu, kukaa pale nikijua ninachukiwa kwa haki ni kazi nzito kuliko kulima.

Wiki zikapita. Jumamosi moja nikasikia magongo nyuma yangu. Tak, tak, tak. Yakasimama.

"Shikamoo, mzee muongo."

Nikageuka polepole, shingo yangu nayo si ya zamani. "Marahaba, mjukuu wa muongo."

Akavuta benchi, akaketi mahali Mama Pendo anaweza kumwona, akanyoosha mguu kando ya mguu wangu. Akasema, "Kuna mwenzangu anaumwa kifundo cha mguu, anaficha. Nimemwambia aje kwako. Amesema hawezi kukuamini. Nimemwambia mimi pia simwamini sana, lakini huyu ukimwambia kinauma, hatasema uongo tena."

Ndugu zangu, ushuhuda wangu wote ni huo. Sina muujiza mwingine. Sina goti jipya, sina jina gazetini. Mtoto mmoja aliyekuwa anakwenda kuumia hakwenda, na yule mwenzake wa kifundo, Jumamosi iliyofuata, akaja kusema.

Namshukuru Mungu aliyeniita kwa barua nisiyojua kuisoma. Namshukuru Rehema aliyecheka kisha akanisomea, na Mama Pendo aliyenikalisha pembeni bila kunidharau, na mchungaji aliyesaini kwa imani. Namshukuru Mama Eliya kwa kunigombeza.

Na wewe unayesoma, kama kuna hadithi uliyojitungia ukaonekana umeonewa, na watu wanakupa pole, na unaishi kwa pole hiyo, najua inavyoshibisha. Najua pia inavyochosha. Usingoje mpaka mtoto aje kuifuata. Mwambie Bwana kwanza, kwa neno moja kama langu, kisha mwambie mtu mwenyewe, ukiwa umesimama. Utatetemeka. Atakushika. Ukiogopa kwenda peke yako, mimi niko benchi la nyuma, karibu na mlango. Nitakusindikiza, ila twende polepole.